Hapana Niliyoipeleka Genkuru

Kikundi cha wakulima wa ulezi wa Genkuru kilipotaka niwe mnunuzi wao, hakikumtuma mwenyekiti wala katibu. Kilimtuma mzee mmoja wa rika la marehemu baba mkwe wangu. Walijua walichokuwa wanafanya. Kwa Wakurya, mtu wa rika la baba mkwe wako naye ni mkwe wako, hata kama hajawahi kuonja maji ya nyumbani kwako. Humpi mkono, humkodolei macho, huketi naye kwenye benchi moja. Na zaidi ya yote, humbishii. Hiyo heshima yenye aibu ndani yake wanaiita ensoni, na mimi niliyezaliwa Natta, upande wa Serengeti, niliolewa nikaikuta, nikaivaa, na kwa miaka yote imenikaa vizuri tu.

Nilipomwona kupitia upenyo wa mlango wa stoo nilicheka peke yangu. Nikasema, hawa watu wana akili.

Biashara yangu ni unga wa lishe. Nina mashine ya kusaga Nkende, mjini Tarime, chumba cha mbele cha mashine na chumba cha nyuma cha stoo. Tunasagia watu mahindi na mtama wao, lakini riziki hasa inatoka kwenye pakiti zangu: ulezi, mahindi, soya na karanga, unga wa uji wa watoto. Akina mama wanaotoka kliniki wananunua, maduka yananunua, shule za chekechea zinanunua. Pakiti ina alama ya ubora niliyoihangaikia mpaka viatu vikaisha soli, na wakaguzi huja bila kubisha hodi kwa simu. Ninayasema haya bila kujisifu sana. Kidogo tu.

Mzee alisimama kwenye mlango wa mbele na fimbo yake, kifuko cha ulezi mkononi. Nilimwamkia nikiwa stoo, "Shikamoo, tata," yaani baba, naye akaitikia marahaba akiutazama ukuta, kama inavyotakiwa. Basi kati yetu akabaki fundi wangu wa mashine. Huyu ni mtu wa Shinyanga, alikuja huku zamani kufuata dhahabu, dhahabu ikamkimbia, akaishia kwangu kwenye nyundo na chekeche. Ana umri wangu, mtaratibu, na ana sauti laini ambayo wateja wanaipenda.

Ombi la mzee lilikuwa kubwa. Kikundi kinavuna ulezi mwingi, ninunue wote msimu huu na msimu unaofuata, nisinunue kwa mtu mwingine yeyote. Wao wataupanga kwenye magunia, mimi nilete gari. Fundi akaniletea kifuko stoo. Nikachota ulezi kiganjani. Rangi yake ilikuwa nzuri, nyekundu ya kuiva, punje zimejaa. Nikatia kinywani nikatafuna, na meno yakanipa jibu kabla ya kichwa. Mchanga. Nikauosha kidogo kwenye kikombe cha kioo, nikaukoroga, nikamwaga maji polepole. Chini kulibaki changarawe ndogo ndogo zenye ukubwa uleule wa punje, zile ambazo huwezi kuzipepeta wala kuziosha zikaisha. Na maji yalikuwa na rangi ya majani makavu.

"Muulize wamepuria wapi," nilimwambia fundi.

Jibu likarudi kwa fahari. Wamepuria uwanjani, uwanja umesilibwa vizuri kwa samadi ya ng'ombe, ukaachwa ukakauka, ukafagiliwa. Wanawake wao si wachafu.

Nilimwelewa. Mama yangu kule Natta alikuwa anasiliba uwanja hivyohivyo, kwa mikono yake, na jirani akija anausifia. Uwanja uliosilibwa ndiyo usafi wenyewe. Ulezi wa ugali na wa pombe umepuriwa hivyo tangu zamani na watu wamekula wakanenepa. Lakini mtoto wa miezi sita hali ugali wala hanywi pombe. Samadi iliyokauka inabanduka ikapanda na ulezi, na hakuna mkaguzi atakayeniuliza kama uwanja ulikuwa mzuri.

Nikamwambia fundi, "Mwambie nawashukuru sana. Ulezi huu sitauchukua. Mwambie na sababu." Kisha nikarudi kupima soya, maana mbele kulikuwa na mteja anayesubiri mahindi yake na mashine ikawashwa, na kwa kelele ile huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilipochungulia tena, mzee alikuwa anaondoka akiwa ametabasamu. Nikafikiri: mtu mzima huyo, amekataliwa na bado anatabasamu.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Alikuwa mweka hazina wa kikundi, mama mwenye sauti ya haraka.

"Mama wa unga, habari za huko? Sisi magunia tumeshashona. Yule mnunuzi wa Sirari tulimrudisha na gari lake tupu, tukamwambia tumeshapata mtu. Sasa wewe gari linakuja lini?"

Nilikaa juu ya gunia.

"Mlimrudisha?"

"Si ulikubali? Mzee alituambia umepokea ombi, utatutafuta muda ukiruhusu."

Nikamwambia nitampigia. Nikamwita fundi.

"Ulimwambia nini yule mzee?"

"Nilimwambia hapana, dada."

"Kwa maneno gani?"

Akajikuna shingo. "Nilisema mama amepokea, anashukuru sana, muda ukiruhusu atawatafuta."

"Hapana iko wapi hapo?"

"Iko ndani, dada. Mtu mzima anaielewa. Sasa mimi nimtazame mzee wa watu usoni nimwambie hutaki ulezi wake kwa sababu una mchanga? Kwetu hiyo ni matusi."

Nilitaka kumrushia kibaba. Hasira yangu hupanda haraka na kushuka haraka, na kabla haijashuka nilishamwambia mambo mawili matatu kuhusu sauti yake laini. Lakini nilijua vilevile kwamba katika nchi hii hakuna aliye hai ambaye hajawahi kukataliwa kwa maneno kama hayo, na hakuna ambaye hajawahi kuyatumia. Tatizo ni kwamba mzee alikuja akitaka ndiyo, na mtu anayetaka ndiyo anaiokota popote.

Sasa hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Ulezi wote wa kikundi kile, mavuno ya familia zaidi ya ishirini, umekaa ndani unanisubiri mimi, na mimi siuchukui. Mnunuzi wa Sirari anauza kwa watengenezaji wa pombe upande wa pili wa mpaka. Wao huchuja, mchanga unabaki kwenye machicha, hawana neno. Akijaza gari kwingine, basi. Ulezi utaliwa na wadudu na watoto watasubiri karo.

Ningeweza kumwambia mweka hazina kwa simu. Nilishika simu kabisa. Lakini nikimwambia yeye, atakwenda kuwaambia wenzake kwamba mzee aliwadanganya, na mzee hakudanganya. Alipeleka alichopewa. Aibu ingemshukia yeye kwa kosa la nyumba yangu.

Mama mkwe wangu, ambaye ninaishi naye, alikuwa uani anachambua mboga. Nilimweleza yote.

"Nenda," alisema.

"Na ensoni?"

"Ensoni haijakukataza kufungua mdomo. Imekukataza kumwonyesha mzee kidole. Nitakwenda na wewe nikushike hicho kidole." Akachambua kidogo, kisha akanitazama. "Ila huo mchanga wako. Mume wako amelelewa kwa ulezi wa uwanja wa samadi, nilisiliba mwenyewe. Amekufa?"

"Hajafa, mama. Ila siwezi kuandika hivyo kwenye pakiti."

Alicheka mpaka akaacha mboga.

Tulikwenda asubuhi kwa bajaji yetu ya mizigo, fundi anaendesha, sisi nyuma juu ya magunia matupu, na malori ya kwenda mgodini yakitupita na kutuachia vumbi. Nilibeba beseni, dumu la maji, na turubai jipya lililokunjwa. Karibu na Genkuru fundi aligeuka akasema, "Dada, leo nitasema vizuri." Nikamwambia, leo hutasema kitu.

Walikuwa wametukusanyikia uwanjani kwa mzee, wanawake wengi kuliko wanaume, maana kazi ya ulezi ni ya wanawake. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani, yameshonwa vizuri. Walipoona bajaji badala ya gari, niliona nyuso zikiulizana. Mzee alikuwa kwenye kigoda chini ya upenu. Mama mkwe alikwenda akasalimiana naye, wakataniana kama shemeji wanavyotaniana. Mimi nilimwamkia kwa mbali, nikaketi mkekani kati ya wanawake, ubavu kwake na uso kwa wenzangu. Kwa hiyo kila nililosema niliwaambia wao, na kila nililosema yeye alilisikia. Hakukuwa na mtu wa kati.

Nilianza na lililo gumu, maana nikianza na shukrani zitanimeza.

"Nimekuja mwenyewe kwa sababu jibu langu lilifika limegeuka, na kosa ni la kwetu Nkende. Tata alileta alichoambiwa, neno kwa neno. Jibu langu ni hili: ulezi huu sitaununua."

Mweka hazina ndiye aliyeuliza kwanza.

"Magunia yote haya?"

"Yote."

"Tukipunguza bei?"

"Hata mkinipa bure. Bei yenu haina ubaya."

Mama mmoja mwenye kitambaa cha njano alikuwa ameshika mdomo, na nilijua anahesabu kichwani. Nilitamani nimwambie neno la kumpoza, lolote. Lilikuwa hapo kwenye ulimi: tutaangalia, tutaona, Mungu ni mwema. Nikalimeza.

Badala yake nikaomba gunia moja lifunguliwe. Nikamimina maji kwenye beseni, nikatia bakuli la ulezi, nikamwomba yule wa kitambaa cha njano akoroge yeye mwenyewe na kumwaga polepole. Alipofika mwisho aliingiza vidole chini ya beseni na kuvisugua pamoja.

"Ni mawe," alisema.

"Madogo. Hayapepeteki. Yanachana chekeche za mashine yangu, lakini hilo ningevumilia. Mtoto hajui kutema. Na hayo maji mnaona rangi yake, ni samadi."

Hapo minong'ono ikaanza, na mama mmoja mzee upande wa pili akasema kwa Kikurya kitu ambacho mama mkwe wangu hakunitafsiria, lakini nilikielewa kabisa. Alisema huyu wa Natta amekuja kutuita wachafu.

"Sijawaita wachafu," nilijibu kwa Kiswahili, na wakashtuka kwamba nimesikia. "Uwanja huu ni msafi kuliko wa kwangu. Mama yangu alikuwa anasiliba hivihivi. Ulezi huu ni mzuri kwa ugali na ni mzuri kwa pombe, na ndiyo maana mtu wa Sirari alileta gari. Mimi nasaga uji wa mtoto mchanga, na kwa uji huo haufai. Leo haufai, na sitaki mtu aondoke hapa akifikiri labda Jumatatu utafaa."

Mama mkwe alikohoa. Nilimwelewa, nikashusha sauti.

Kisha nikakunjua turubai. Nikawaambia kwamba ulezi wenyewe nimeupenda, kwamba punje zimejaa kuliko ninazonunua sasa, na kwamba ningekuwa mjinga kufunga mlango kwa watu wanaolima hivi. Mavuno yajayo wakate masuke, wayaanike juu ya turubai, wayapure juu ya turubai, yasiguse ardhi. Kabla hawajashona gunia hata moja waniletee debe moja. Nikilitafuna likapita, nitaanza na magunia kumi. Nikiridhika na hayo kumi, tutaongea mengine.

"Na ile ya kutonunua kwa mtu mwingine?" aliuliza mweka hazina. Mfanyabiashara huyo, nilimpenda papo hapo.

"Hiyo hapana. Mvua ikiwakatalia nyinyi, watoto wa watu watakula nini? Nami siwafungi. Msinitunzie mimi ulezi ambao sijaujaribu. Akija mwenye gari, muuzieni."

"Turubai unatukopesha?"

"Hili moja nawaachia mlifanyie majaribio. Mengine mtanunua wenyewe, na mkinunua nitajua mnataka kweli."

Baadhi walicheka. Wa kitambaa cha njano hakucheka. Alikuwa bado anatazama magunia ukutani. Mzee nilimwona kwa pembe ya jicho, fimbo katikati ya magoti, anatazama mlima. Nilianza kuogopa kwamba nimevunja kitu ambacho beseni na turubai haviwezi kukirudisha.

Mwishowe alisema, bila kugeuka, kwa mama mkwe wangu: "Shemeji, mwanamke huyu mlimlipia ng'ombe wangapi?"

"Wengi," alisema mama mkwe. "Na mdomo walituongezea."

Mzee akaguna. Sikujua kama ni guno la hasira au la kicheko. Akatoa simu mfukoni, akampa mweka hazina amtafutie namba ya mtu wa Sirari, akaweka spika, akaishika mbele ya mdomo kwa mkono wote.

"Wewe bwana wa gari. Ni mimi wa Genkuru. Ulezi upo, magunia yote. Yule mwingine hanunui."

Upande wa pili palikuwa na kelele za sokoni, kisha sauti ya Kikenya ikaja imechangamka. "Ah, mzee! Si mlinirudisha juzi? Sasa nimejaza pande ya huku. Lakini hakuna shida mzee wangu, hiyo mambo tutaona. Wacha nipange pange, nitakuambia."

Wanawake wakashusha pumzi, kama watu waliopewa kitu. Mimi nikageuza uso kumtazama mzee kwa mara ya kwanza, ensoni au hapana.

Mzee alikuwa ameisogeza simu karibu zaidi.

"Hapana, mura, kijana wangu. Usiniambie tutaona. Nina wanawake hapa wamekaa na magunia. Sema unakuja, au sema huji."

Kelele za sokoni zikaendelea.

"Mzee, umeniweka kwa kona," sauti ikasema, na safari hii haikuchangamka. "Sawa. Nakuja Ijumaa. Lakini si yote, nusu."

"Nusu. Ijumaa. Hiyo nusu nyingine unaikataa?"

"Naikataa, mzee. Siwezi."

"Vizuri. Tutamtafuta mwingine." Akakata simu.

Uwanja ukalipuka kwa maneno, kila mtu anamtaja mnunuzi anayemjua, huyu wa Nyamongo, yule wa mnadani, na mweka hazina akaanza kupiga namba nyingine hapohapo. Wa kitambaa cha njano alisimama akaenda kulikunja turubai, akaliweka ndani ya nyumba. Fundi wangu alikuwa amesimama kando ya bajaji, ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilimwonea huruma.

Tulipoaga, nilipita mbali na kigoda kama inavyotakiwa, macho chini. Mzee akaniongelesha mwenyewe.

"Mkamwana."

"Naam, tata."

"Hilo debe la mwakani nitalileta mimi. Likiwa baya, utaniambia?"

"Nitakuambia, tata."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi nitalileta," alisema, akarudi kuutazama mlima wake.